"Ukiona wingu, anua": kisa cha kijitabu cha sumukuvu kilichoandikwa mara mbili

Usuli

Kisa hiki kinahusu kijitabu cha kurasa 16 kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza ili kisomwe na wakulima wa mahindi na karanga kaskazini mwa mkoa wa Dodoma. Jina la shirika lililokitoa nimeliacha, majina ya vijiji pia, na mambo mawili matatu ambayo yangewatambulisha watu nimeyabadilisha. Mimi niliingia kama mhariri wa Kiswahili, tena nikiwa nimechelewa, nakala za majaribio zikiwa zimeshachapwa.

Mada ilikuwa sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu inayoota kwenye nafaka na karanga. Mkoani hapa si mada ya kuchezea. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kuvu hiyo hupata nafasi shamba likikumbwa na ukame, na hupata nafasi zaidi mazao yakihifadhiwa kabla hayajakauka. Kwetu huku ukame ni mwenyeji, na kuanika chini kwenye udongo ni jambo la kila msimu. Kwa hiyo kijitabu kilikuwa na kazi ya kufanya.

Aliyekitafsiri ni kijana ambaye ukikaa naye kijiweni Kiswahili chake kinateleza. Ila mkataba wake ulisema kazi itakaguliwa kwa tafsiri ya kurudi: mtu mwingine, asiyeona matini ya mwanzo, atakirudisha Kiswahili kwenye Kiingereza, kisha Kiingereza mbili zitalinganishwa mstari kwa mstari. Akaambiwa pia asiongeze wala asipunguze. Ukimpa mtu masharti hayo, atafanya ambalo yeyote angefanya. Atashika kila neno la Kiingereza mkononi na kulitafutia mwenzake wa Kiswahili, ili likirudi lirudi vilevile. Tafsiri yake ilipita ukaguzi bila doa.

Habari kwamba kuna tatizo ililetwa na afisa ugani wa kata. Asubuhi moja alinunua maandazi yakiwa yamefungwa kwenye ukurasa wa 7. Akamwuliza muuzaji kama amekisoma kijitabu. Mama yule akajibu, "Nimekisoma, mwanangu. Ni cha wataalamu, siyo chetu."

Tulichokipokea

Nianze na sentensi moja, kwa sababu iliyobaki ya kijitabu ilikuwa ndugu zake:

"Ni muhimu kwamba wakulima wafanye uhakika kuwa mahindi ambayo yako katika mchakato wa kukaushwa yanaondolewa kutoka eneo la wazi iwapo kunyesha kwa mvua kunatarajiwa."

Maneno 24, na hakuna hata moja lisilo la Kiswahili. Hakuna kosa la upatanisho wa ngeli. Mwalimu wa sarufi hana pa kutia kalamu nyekundu, labda kwenye "wafanye uhakika" tu, maana sisi tunahakikisha. Lakini hakuna Mswahili aliyewahi kumwambia mwenzake hivyo. Tatizo la matini ya namna hii huwa hulioni ukilitafuta neno kwa neno, maana kila neno ukiliuliza lina cheti chake.

Mengine yalikuwa ya kuchekesha. "Sumukuvu haiwezi kuonekana kwa macho ya uchi." Kulikuwa na "uwepo wa ukungu unacheza nafasi ya ishara ya onyo." Kulikuwa na "tafadhali osha mikono yako kabla ya kuandaa chakula kwa ajili ya watoto wako wadogo", kana kwamba kuna mtu angeosha mikono ya jirani. Neno "tafadhali" lilianza karibu kila agizo. Kwa Kiingereza ni adabu ya kawaida. Kwetu, tafadhali ya kumi katika ukurasa mmoja inasikika kama mtu anayekudai.

Siku ya kwanza kijijini

Nilimwomba mratibu wa shirika tusihariri hata mstari kabla hatujakisikia kikisomwa. Vijijini kijitabu hakisomwi kimyakimya na mtu mmoja chumbani. Husomwa kwa sauti, na mwenyekiti wa kitongoji au mhudumu wa afya, watu wakiwa wamekaa chini ya mti na nusu yao wakiwa na jambo jingine mkononi. Wengi wa waliokuwepo lugha yao ya nyumbani ni Kirangi au Kigogo. Kiswahili ni cha sokoni, cha zahanati na cha mkutano.

Mwenyekiti akasoma kurasa nne. Akauliza, "Tumeelewa?" Watu wakaitikia, "Tumeelewa!" Jibu hilo ni la heshima kwa mgeni, wala usilihesabu.

Ilipofika "macho ya uchi", mzee mmoja aliinua kichwa. "Kumbe macho nayo huvaa nguo?" Kicheko kikachukua muda, na ukweli ni kwamba kurasa mbili zilizofuata hazikusikilizwa na mtu. Hilo nililiandika daftarini, kwa sababu tunadhani tafsiri sisisi, ile ya neno kwa neno, inamchosha msomaji tu. Wakati mwingine humwachia kitu cha kucheka, na ujumbe wa sumu unapita kando.

Kisha nikamgeukia bibi mmoja aliyekuwa akichambua choroko. Nikamwamkia, nikamsomea ile sentensi ya maneno 24 taratibu, nikamwuliza inamtaka afanye nini. Akafikiri. "Inasema mahindi yasikae pa wazi."

"Haya, bibi. Umeanika mahindi, wingu limetanda. Utafanyaje?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina la mwanawe. "Nitaanua."

"Ndicho kilichoandikwa hapa."

"Hicho?" Akaomba nimsomee tena. Nikasoma. "Mbona hawakusema?"

Kazi yangu yote iliyofuata ilitoka kwenye lile "mbona hawakusema". Kiswahili kina kitenzi kizima kwa ajili ya kuondoa juani kitu kilichoanikwa. Ndani ya *anua* mna kwamba kitu kilikuwa nje, kwamba kiliwekwa makusudi, na kwamba sasa kinarudi ndani. Mfasiri alikijua. Mama yake amemtuma kuanua nguo tangu akiwa na miaka mitano. Lakini Kiingereza kilichokuwa mbele yake hakina kitenzi hicho, kilikuwa na "ondoa" na "eneo la wazi", na mkono ukafuata jicho.

Tulivyoamua, na kwa nini

Tulikuwa na siku tisa. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutosahihisha sentensi zilizopo. Ukianza kunyoosha sentensi ya tafsiri, unaibadilisha mavazi na mifupa inabaki ileile. Badala yake tulimwita mtaalamu wa kilimo wa shirika, tukafunga matini ya Kiingereza, tukamwambia atusimulie kazi yenyewe kutoka shambani hadi jikoni kama anamweleza shemeji yake. Mimi nikaandika. Mfasiri akawa na Kiingereza kwenye kompyuta, kazi yake ikiwa kutushtua tukiruka jambo.

Masimulizi ya saa mbili yalitupa orodha ya vitenzi: kuvuna, kumenya, kuanika, kuanua, kupukuchua, kupeta, kuchambua, kusokota, kufunga. Kijitabu cha kwanza kilikuwa na ukaushaji, uhifadhi, uchambuaji na uondoaji. Wenye kalamu ofisini tunapenda majina ya vitendo kwa sababu yanasikika mazito. Lakini jina la kitendo halina mtendaji. "Ukaushaji ufanyike juu ya turubai" haimwambii mtu yeyote afanye. "Anika juu ya turubai" inamwambia.

Hapa pana jambo ambalo nililiona tukiwa katikati ya kazi. Kitenzi kimoja cha Kiingereza kilikuwa kimefasiriwa *kausha* kila mahali: "kausha mahindi kwa siku tatu." Kiswahili kinavitenganisha vitu viwili hapo. Kuanika ni kazi yako. Kukauka ni kazi ya mahindi. Unaweza kuanika siku tatu na yasikauke, hasa kukiwa na mawingu. Sentensi ya kwanza iliwafanya watu wahesabu siku. Tukaandika, "Anika mpaka yakauke," na mara moja swali likazaliwa: nitajuaje kwamba yamekauka? Swali hilo lilikuwa na jibu lake kwenye ukurasa wa 11, mbali na linapohitajika, nalo ni kipimo cha chumvi.

Kipimo hicho kinafahamika na maafisa ugani wengi. Unachukua chupa kavu yenye kifuniko, unatia vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, unajaza mahindi kama robo ya chupa, unatikisa dakika moja, unaacha kama robo saa. Kijitabu kilisema, "iwapo chumvi inashikamana na pande za ndani za chupa, nafaka ina kiwango cha unyevu kisichokubalika." Sisi tukaandika, "Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado mabichi. Anika tena." Tukakihamishia pale pale chini ya "mpaka yakauke".

Uamuzi wa pili ulihusu mpangilio. Kiingereza huweza kutaja agizo kwanza na sharti baadaye, na tafsiri iliufuata mpangilio huo kote. Msomaji wa macho hurudi nyuma akasoma upya. Msikilizaji chini ya mti hana pa kurudi. Akisikia "ondoa mahindi", tayari ameshaelewa kuondoa. Kwa hiyo sharti likatangulia, nalo kwa kawaida linabebwa na *-ki-* au *-po-*: ukiona, yakilowa, utakapovuna. Ndipo tukapata "Ukiona wingu, anua." Maneno matatu.

Vilevile tuliziweka "kabla" mahali pake. Tafsiri ilijaa "kabla ya kuvuna", "kabla ya kuandaa". Si kosa, lakini ni baridi, haisemi nani. "Nawa mikono kabla hujaandaa chakula cha mtoto" inamshika msomaji mkono. Tena mikono hunawiwa. Vyombo ndivyo vinavyooshwa.

Karanga zilitupa sentensi niliyoipenda kuliko zote. Ya kwanza ilisema, "Epuka unyevushaji wa maganda kabla ya uondoaji wake." Watu waliposomewa walidhani inahusu mvua. Kumbe inahusu wao wenyewe: maganda makavu ni magumu, yanaumiza vidole, basi karanga hunyunyiziwa maji ili zimenyeke upesi, na maji hayo ndiyo yanayoikaribisha kuvu. Tukaandika, "Usizimwagie karanga maji ili ziwe rahisi kumenya. Maumivu ya vidole yatapoa, karanga zilizolowa zitaota kuvu." Wanawake watatu walicheka kwa aibu iliposomwa. Walikuwa wamejitambua. Ile ya kwanza isingeweza kumtambua mtu, maana ilificha sababu inayomfanya mtu alifanye jambo.

Na "macho ya uchi"? Niliwaza "macho makavu", nikajikamata kwa wakati; mwenye macho makavu ni mtu asiye na haya. Ikawa, "Sumukuvu huwezi kuiona kwa macho. Mahindi yakiota ukungu, ujue hapo pana hatari. Yasipoota, usidhani yamepona."

Pale nahau iliponiponza

Mpaka hapo nilikuwa najiona fundi. Nikaingiwa na tamaa.

Palikuwa na aya iliyosema kwamba punje chache zilizoathirika zinaweza kubeba sumu nyingi, hivyo kuzichambua na kuzitoa kunasaidia sana. Tafsiri yake ilikuwa kavu. Nikaona hapa panataka methali, nikaweka kichwa cha habari: "Samaki mmoja akioza, wote wameoza." Ofisini kila mtu alikipenda. Mratibu alisema ndicho Kiswahili alichokuwa akikitafuta.

Tulipokwenda kukisoma kijiji cha pili, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisikiliza kichwa kile, akasikiliza na maelezo ya kuchambua, kisha akauliza, "Sasa kama wote wameoza, tunachambua nini?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa sahihi. Methali ile ina hukumu yake: mmoja akiharibika, usihangaike na waliobaki. Kijitabu kilikuwa kinasema kinyume, kwamba hangaika, toa mabaya, mazuri yabaki. Nilikuwa nimeweka Kiswahili kitamu juu ya ujumbe usio wake. Tafsiri sisisi ilikuwa mbaya, ila haikudanganya. Yangu ilikuwa nzuri na ilidanganya.

Mzee mmoja akatusaidia, akasema hapo panafaa "utakula wa chuya kwa uvivu wa kuchagua." Kwa maana, inaingia kama kidole kwenye pete, kwani methali yenyewe inahusu kuchambua. Lakini wanawake walinuna. Kazi ya kuchambua ni yao, na wao ndio wanaofanya kila kitu kingine pia. Sasa kijitabu kinakuja kuwaita wavivu. Methali ikaenda na mzee wake. Kichwa kikawa "Chambua kwa mkono, kwenye mwanga", na aya ikataja za kutoa: zilizovunda, zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobunguliwa.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi na halikuwa la nahau. Palikuwa na sentensi "sumukuvu haiwezi kuoshwa mbali au kuharibiwa na upishi wa kawaida." Nikaikata ikawa, "Sumukuvu haiishi kwa kupikwa." Fupi, ina mdundo. Nilikuwa na maana ya *kuisha*: ukipika, haimaliziki. Kijana aliyekuwa akisoma akaisoma vizuri kabisa, na mhudumu wa afya akatafsiri kwa Kirangi kwa wale wazee wawili wasiosikia Kiswahili vizuri. Wazee wakafurahi. Nikauliza wamefurahia nini. Akanieleza: ukiipika, inakufa.

Haiishi ya *kuisha* na haiishi ya *kuishi* zimeandikwa sawa na zinatamkwa sawa. Nilikuwa nimewaambia watu, kwa Kiswahili safi, kwamba sumu iliyoua watu mkoani mwao inakufa kwenye chungu. Sentensi ilipita mikononi mwangu, kwa mfasiri, kwa mtaalamu wa kilimo na kwa mratibu. Wote tulijua tulichokusudia, kwa hiyo wote tulisoma tulichokusudia. Ikabadilishwa papo hapo kwa kalamu kwenye kila nakala: "Ukiosha, haitoki yote. Ukipika, bado imo."

Ugomvi wa tafsiri ya kurudi

Kijitabu kipya kikapelekwa kwa mkaguzi. Majibu yakarudi yamejaa alama nyekundu. Kwenye "Ukiona wingu, anua" mkaguzi aliandika kwamba mvua haikutajwa, mahindi hayakutajwa, na umuhimu haukutajwa. Kwa kipimo chake hakukosea, havimo. Kipimo hicho kinalipa neno lililofanana na la mwanzo, kwa hiyo tafsiri mbovu ya neno kwa neno hupata alama nzuri, na sentensi ambayo mtu angeitamka kweli huonekana imepoteza mali.

Hatukubishana kuhusu uzuri wa lugha, maana hapo kila mtu ana yake. Mfasiri ndiye aliyepata njia. Alitengeneza jedwali la safu tatu: jambo lililokusudiwa, sentensi yetu, na atakachofanya msomaji akishaisikia. Kisha akaomba mkaguzi asifasiri tena, ajibu maswali. Baada ya kusoma mstari huu, utafanya nini? Lini? Kwa kitu gani? Kwa "Ukiona wingu, anua" mkaguzi akajibu mwenyewe: nitaingiza ndani mahindi niliyoanika, kabla mvua haijanyesha. Mahindi na mvua vilikuwemo muda wote.

Sentensi nyingi zilikubaliwa kwa njia hiyo. Ukurasa wa mwanzo, ule wenye "wadau" na "uelewa" na "mnyororo wa thamani", shirika lilikataa usiguswe. Niliuacha. Hakuna mkulima atakayekufa kwa kutoelewa ukurasa huo.

Matokeo

Kurasa 16 zikawa 12, na haikutolewa hoja hata moja ya kilimo au ya afya. Katika usomaji wa mwisho, kijiji cha tatu, hatukuuliza kama wameelewa. Tuliwapa mahindi, chupa, chumvi na mfuko usiopitisha hewa, tukawaambia watuonyeshe walichosikia. Kipimo cha chumvi walikifanya bila kuulizana. Kuanua walituonyesha wakicheka, maana hapakuwa na wingu.

Mfuko uliwashinda. Tulikuwa tumeandika, "Kamua hewa, sokota shingo ya mfuko, ikunje, ifunge." Ni Kiswahili kizuri, na watu walifunga kama wanavyofunga gunia la sokoni, kwa kushona mdomo. Mikono yao ilikuwa na desturi yake kuhusu mifuko, na maneno yetu hayakuweza kuishinda. Ukurasa huo ukawekewa michoro minne na maneno yakabaki chini ya kila mchoro.

Yule mama wa maandazi bado anafungia maandazi kwa karatasi, ila afisa ugani anasema ni za daftari.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kutafuta kitenzi cha kazi kutoka kwa anayeifanya kazi. Watu wakisema matini ina harufu ya tafsiri, wengi hukimbilia kuipaka nahau na methali, kama mimi nilivyofanya. Katika kijitabu chote kilichokamilika hamna methali hata moja, na nahau ni chache mno. Kilichoondoa harufu ni anika, anua, nawa, ganda, menya; na *-ki-* iliyokaa mbele. Vitu hivyo havionekani kama mapambo, ndiyo maana mhariri huvipita.

Nahau ina faida yake, lakini inakuja na hukumu iliyofungwa ndani yake, na inakuja na mtu inayemsema. Samaki ilikuja na hukumu ya kutupa vyote. Chuya ilikuja na uvivu wa mwanamke. Sasa nikitaka kuweka nahau mahali pa sentensi ya kigeni najiuliza maswali hayo mawili kwanza: inasema afanye nini, na inamnyooshea nani kidole. Kama majibu hayalingani na aya, sentensi ya kawaida inatosha.

Kwenye "haiishi" nilikosea mpangilio wa kazi. Nilipima kwa sikio kijitabu cha kwanza, kwa sababu nilikishuku. Changu nilikipima kwa macho hadi siku ya mwisho, kwa sababu nilikiamini. Ingetosha kumsomea kwa simu mtu mmoja asiyejua mada, nikamwuliza sumu ikipikwa inakuwaje.

Mfasiri nilimtendea vibaya mwanzoni. Siku mbili za kwanza nilimweka pembeni nikidhani yeye ndiye tatizo. Tatizo lilikuwa kipimo alichopimwa nacho, na aliyekijua vizuri kipimo hicho ni yeye, ndiyo maana jedwali lilitoka kwake. Angekaa nasi tangu siku ya kwanza, pengine ugomvi na mkaguzi usingetokea kabisa.

Umebaki mstari mmoja ambao hatukuumudu: "Hifadhi mahindi yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13." Shirika lilitaka namba ibaki, na namba ni sahihi. Lakini kipimo cha chumvi kinatambua unyevu wa kama asilimia 15 tu; chumvi isipoganda, mahindi yanaweza kuwa 14 na chupa ikanyamaza. Tulijaribu "yakauke kabisa". Tulijaribu "ukiuma punje ivunjike kwa mlio", ambayo inasikika vizuri sana, na mtaalamu akatukumbusha kwamba meno hayapimi asilimia. Mwishowe tukaandika: "Chumvi isipoganda, usihifadhi leo. Anika tena kutwa mbili, kisha uhifadhi." Namba 13 ikawekwa chini kwa herufi ndogo kwa ajili ya afisa ugani mwenye mashine. Bibi wa choroko, nilipomsomea, aliuliza kwa nini chumvi ikubali halafu sisi tukatae.